Demo, majaribio ya muda na kurudishiwa pesa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kabla ya kununua gemu kwenye Steam

Majibu haya yanahusu zaidi Steam kwenye kompyuta, kwa kuwa ndiko wachezaji wengi wa PC wananunua, na ndiko demo na utaratibu wa kurudishiwa pesa vinapatikana dukani pamoja. PlayStation, Nintendo na maduka mengine yamewekwa mwishoni, kwa ufupi.

## Demo ni nini, na ina tofauti gani na majaribio ya muda?

Demo ni kipande cha gemu ambacho watengenezaji wamekikata na kukitoa bure. Mara nyingi ni mwanzo wa hadithi, au ramani moja, au mizunguko michache. Ukifika mwisho wa kipande hicho imekwisha, lakini unaweza kukirudia utakavyo. Kwenye Steam demo ni programu ya peke yake: inapakuliwa peke yake, ina ukubwa wake, na muda unaoucheza unaandikwa kwenye demo, hauandikwi kwenye gemu kamili.

Majaribio ya muda yanakwenda kinyume. Hapo unapewa gemu yenyewe, nzima, ila saa inahesabu. Mei 2023 Dead Space, ile iliyotengenezwa upya, iliwekwa kwenye Steam kwa majaribio ya dakika 90: unapakua gemu yote, unacheza, dakika zikiisha mlango unafungwa mpaka ulipe. Wikendi za bure ziko kwenye kundi hilohilo, tofauti ni kwamba zinafuata kalenda. Unaweza kucheza hata usiku kucha, lakini siku ya mwisho ikifika gemu haifunguki tena.

Tofauti hii inagusa bando lako moja kwa moja. Demo kwa kawaida ni ndogo kuliko gemu. Majaribio ya muda yanakulazimisha kupakua mzigo wote ndipo ujaribu.

## Kama Steam inarudisha pesa, demo ya nini? Si ninunue tu, nikiona haifai niirudishe?

Wengi wanaanza na swali hili, na kwa mtu mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo lina mantiki. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa GB, halina.

Ukirudishiwa pesa unarudishiwa bei ya gemu, basi. Bando ulilotumia kuipakua halirudi. Siku ulizongoja zimekwenda. Na kwa muda wote ambao ombi linashughulikiwa, hela yako iko mikononi mwa watu wengine. Demo haigusi hela yako hata kidogo, haikuulizi kadi, wala haina tarehe ya mwisho ya kuamua. Unaweza kuijaribu leo, ukalala, ukaijaribu tena mwezi ujao ukiwa na kompyuta nyingine.

Ila demo nayo ina upungufu wake: inakuonyesha kile tu ambacho watengenezaji wamechagua kukuonyesha. Njia ya kurudisha inakufungulia gemu yenyewe, na kasoro zake zote. Kwa hiyo zitumie zote mbili kwa mpangilio: demo kwanza, kisha zile saa 2 za kucheza ambazo Steam inakuruhusu kabla ya kurudisha, uziwekee mambo ambayo demo haiwezi kukuambia.

## Sharti la siku 14 na saa 2 linafanyaje kazi hasa?

Utaratibu huu ulianza Juni 2015. Ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, na ukiwa umecheza chini ya saa 2, unarudishiwa kwa sababu yoyote ile. Masharti yote mawili lazima yatimie. Mtu aliyecheza dakika 10 tu lakini siku ya 20 yuko nje, na aliyecheza saa 3 siku ya kwanza yuko nje vilevile. Ukiwa nje bado unaruhusiwa kuomba, na wataliangalia ombi lako, ila hapo huna haki ya kudai, unaomba hisani.

Kuna mambo mawili yanayowakwaza watu hapa.

La kwanza ni saa. Steam inahesabu muda ambao gemu iko wazi, haihesabu muda unaocheza. Ukiiacha kwenye menyu ukaenda kupika, inahesabu. Gemu nyingi mpya zikifunguliwa mara ya kwanza zinaandaa michoro kwa ajili ya kadi ya picha ya kompyuta yako kabla ya kukuruhusu kuingia, na ule mstari unaojaa polepole unaweza kumaliza dakika kadhaa, na kwenye mashine dhaifu ni nyingi zaidi. Muda huo wote ni sehemu ya saa 2 zako. Kurekebisha mipangilio, kutengeneza sura ya mhusika, kutazama video za hadithi, vyote vimo.

La pili ni siku. Zinaanza kuhesabiwa ulipolipa. Hazingoji umalize kupakua.

## Napakua kwa bando la usiku, kidogo kidogo. Siku 14 zinanitosha?

Piga hesabu kabla ya kulipa. Tuchukue gemu moja ambayo nitairudia hapa chini pia: Final Fantasy XVI, iliyofika PC Septemba 2024. Inataka nafasi ya GB 170 kwenye diski ya SSD. Ukiwa unapakua GB 5 kila usiku, utahitaji usiku 34. Siku 14 zitakuwa zimepita zamani na hujaona hata menyu. Yaani umenunua gemu ambayo huwezi kuirudisha, na hujui kama mashine yako inaiweza.

Mwenye mkondo wa Mbps 10 usiokatika naye anahitaji karibu saa 38 mfululizo. Hilo linawezekana ndani ya siku 14, lakini likiharibika jambo katikati, umeme ukikatika au sasisho kubwa likitoka, nafasi inabana.

Kwa watu wa hali hii demo ndiyo njia pekee ya kujaribu yenye maana, na ningesema wazi kwamba gemu ya GB 170 isiyo na demo isinunuliwe kwa bando la usiku kwa kutegemea kurudisha. Kama lazima uinunue, tafuta kwanza pa kupakulia kwa siku moja au mbili, kwa ndugu mwenye faiba au kwenye kibanda cha gemu unachokiamini, ukiwa na laptopu yako, kisha ulipe ukiwa umeshakaa hapo. Steam pia inaweza kuhamisha mafaili ya gemu kutoka kompyuta moja kwenda nyingine zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani, kwa hiyo kama rafiki anayo tayari, unaivuta kutoka kwake bila kugusa bando.

## Nioneshe mfano mmoja kamili wa kutumia demo halafu nafasi ya kurudisha.

Tubaki na Final Fantasy XVI, kwani inaonyesha jambo hili vizuri kuliko gemu nyingine ninayoijua. Ilitoka kwenye PC kwa dola 49.99, na demo yake ilitangulia dukani kabla ya gemu yenyewe. Demo hiyo ni utangulizi mzima wa hadithi, takriban saa 2, na ukiumaliza inakufungulia sehemu ya pili ya mapigano ambapo mhusika ana uwezo anaoupata baadaye kwenye gemu.

Angalia urefu wa utangulizi: takriban saa 2. Ni sawasawa na muda wa kurudisha. Aliyenunua bila demo anautumia muda wake wote kwenye utangulizi, tena utangulizi uliojaa video ndefu za hadithi, na anapofika mahali gemu inapoanza kujifungua, nafasi ya kurudisha imeshafungwa. Anaamua kuhusu gemu ya makumi ya saa kwa kuonja sura ambayo haifanani na zilizobaki.

Sasa mwenye demo. Anapakua demo peke yake, anacheza utangulizi bila saa yoyote kumfuata, anarudia pambano gumu mara tatu akitaka. Anaingia kwenye sehemu ya pili ya mapigano, anajua kama mtindo wa kupigana unamfaa hata uwezo ukiongezeka. Anaona kama mashine yake inavuta, maana gemu hii inataka RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya kiwango cha GTX 1070 kwa uchache. Ikimshinda, amepoteza bando la demo tu.

Ikimpendeza, ananunua. Sehemu aliyohifadhi kwenye demo inaendelea kwenye gemu kamili, kwa hiyo anaanza pale utangulizi ulipoishia. Na kwa kuwa muda wa demo ni wa demo, kaunta ya gemu kamili inaanza sifuri. Saa 2 zake zote anazitumia mbele ya utangulizi: kwenye maeneo mapana, kwenye kazi ndogondogo za pembeni, kwenye mwendo wa kawaida wa gemu. Akigundua kwamba mashine iliyomudu utangulizi inakwama huko, bado ana haki ya kurudishiwa dola zake zote.

## Kwa hiyo muda wa demo hauhesabiwi kabisa kwenye saa 2?

Hauhesabiwi. Lakini usichanganye na jambo linalofanana nalo: gemu nyingine zinauza toleo la bei ya juu linalokuruhusu kuanza kucheza siku kadhaa kabla ya siku ya kutoka. Zamani muda huo wa mapema ulikuwa hauhesabiwi. Tangu Aprili 2024 unahesabiwa kama muda mwingine wowote.

## Nikiwa ndani ya demo niangalie nini?

Anza na mashine yako. Kwenye mipangilio ya Steam, sehemu ya "In Game", kuna kipimo cha fremu, yaani picha ngapi zinaonyeshwa kila sekunde, unachoweza kukiwasha kionekane pembeni mwa skrini. Usisome namba ukiwa umesimama chumbani ukitazama ukuta. Isome kwenye pambano lenye watu wengi, moshi na milipuko, au unapogeuza kamera haraka mahali penye majengo. Wastani wa fremu 45 unaoshuka mpaka 20 kila adui akitokea ni mbaya kuliko 35 zilizotulia, na jicho litakuambia hivyo kabla ya namba.

Cheza dakika 40 hivi bila kutoka. Laptopu nyingi zinaanza vizuri, kisha zikipata joto zinapunguza kasi zenyewe. Dakika 10 za kwanza hazitakuonyesha hilo. Ukiona fremu zinashuka polepole mahali palepale ulipopita mwanzo zikiwa juu, hilo ni joto, na gemu kamili itakufanyia vilevile.

Kisha angalia mikono. Jaribu pedi yako, jaribu kibodi. Angalia maandishi kama yanasomeka kwenye skrini yako kutoka unapokaa. Gemu zilizotengenezwa kwa ajili ya televisheni kubwa mara nyingi zina maandishi madogo sana kwenye laptopu ya inchi 14, na siyo zote zinazoruhusu kuyakuza.

Jaribu pia kuicheza ukiwa umezima intaneti. Ikigoma kufunguka, umejua mapema kwamba kila ukikaa kucheza utahitaji bando, hata kama unacheza peke yako. Gemu kamili inaweza kuwa na masharti tofauti na demo yake, kwa hiyo soma pia upande wa kulia wa ukurasa wa dukani, ambapo Steam huandika kama gemu inataka akaunti ya kampuni nyingine au ina ulinzi wa ziada dhidi ya kunakiliwa.

## Demo ilikwenda vizuri, gemu kamili inakwama. Nimedanganywa?

Mara nyingi hapana. Kuna sababu tatu za kawaida. Demo inaweza kuwa imekatwa kutoka toleo la miezi kadhaa nyuma, na gemu imebadilika tangu hapo. Inaweza kuwa ni sehemu iliyofungwa, korido na vyumba, wakati gemu kamili ina mji mzima unaoiumiza prosesa yako. Au gemu kamili ndiyo kwanza imefunguka na bado inaandaa michoro, na ukiipa nafasi dakika chache inatulia.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Rudi kwenye mahali palepale ulipopapima kwenye demo, kwa mipangilio ileile. Pakiwa sawa na zamani, tatizo ni la sehemu nzito za mbele na litaendelea kuwepo. Pakiwa pabaya kuliko kwenye demo, toleo lenyewe ndilo lina kasoro, na sasisho linaweza kulirekebisha. Kwa vyovyote, angalia saa yako ya kucheza kwenye ukurasa wa gemu ndani ya Library. Mtu anaingia kutafuta suluhisho, anajaribu hiki na kile, gemu ikiwa wazi muda wote, anashtuka saa 2 zimepita. Fanya utafiti wako gemu ikiwa imefungwa.

## Beta ya wazi nayo ni demo?

Inaonekana hivyo, lakini kazi yake ni nyingine. Beta ipo ili watengenezaji wapime seva na wakusanye kasoro, nawe unajaribu kwa bahati tu. Ina tarehe, ikifungwa imefungwa, na ulichopata humo kwa kawaida kinafutwa. Monster Hunter Wilds ilikuwa na beta za wazi kabla ya kutoka Februari 28, 2025, na kilichohamia kwenye gemu kamili ni sura ya mhusika uliyoitengeneza. Maendeleo ya uwindaji yalibaki hukohuko.

Gemu hiyohiyo ilitoa kitu cha tatu ambacho natamani kila gemu nzito ingekuwa nacho: programu ya bure ya kupimia mashine. Huchezi chochote. Inaendesha maeneo ya gemu yenyewe na mwisho inakupa alama. Haikuambii kama gemu ni tamu, lakini inakuambia kama kompyuta yako itaimudu, na ndilo swali la kwanza la watu wengi.

## Naombaje kurudishiwa, na pesa inarudi wapi?

Ingia help.steampowered.com kwa akaunti yako, fungua "Purchases", chagua gemu, kisha "I would like a refund". Utaulizwa sababu, na ndani ya masharti sababu yoyote inakubalika. Utachagua pia pa kupokelea: pochi ya Steam au njia uliyolipia. Kisha unabonyeza "Submit request" na kungoja barua pepe mbili, ya kupokelewa na ya kukubaliwa.

Ombi likishakubaliwa, pesa inatumwa ndani ya wiki moja, na kwa malipo yanayovuka mipaka inaweza kuchelewa zaidi. Kama njia uliyolipia haiwezi kupokea pesa, inaingia kwenye pochi ya Steam, na iliyoingia humo inatumika ndani ya Steam tu.

Kwetu hili lina uzito. Kenya, Tanzania na Uganda tunauziwa kwa dola, na wengi wetu tunalipa kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pesa za simu kama M-Pesa. Kabla ya kununua hakikisha namba ya kadi hiyo haitakwisha muda au kufutwa kabla pesa haijarudi. Ukiifuta kadi leo na marejesho yakaja wiki ijayo, utaanza safari ya kuwafuata watoa huduma wa kadi. Pia kiasi kitakachoingia kwa shilingi kinaweza kutofautiana kidogo na kilichotoka, kwa sababu dola inabadilishwa mara mbili kwa viwango vya siku mbili tofauti. Ukiwa unajua utanunua gemu nyingine hivi karibuni, pochi ya Steam inakuepusha na hasara hiyo.

## Dada yangu aliyeko Muscat alininunulia kama zawadi. Naweza kuirudisha?

Unaweza, kwa masharti yaleyale ya siku 14 na saa 2. Ukiwa umeshaipokea zawadi, wewe uliyepewa ndiye unayeanzisha ombi, na pesa zinarudi kwa dada aliyenunua. Kwako haziji. Mwambie mapema, asije akashangaa hela zimemrudia bila maelezo.

Namba za kufungulia gemu, zile zinazouzwa kwenye tovuti nyingine au na mtu wa WhatsApp, haziko kwenye utaratibu huu kabisa. Steam inarudisha kilichonunuliwa Steam. Ukinunua namba nje, demo ndiyo kinga yako pekee, na kama gemu haina demo, bei nafuu ya namba hiyo ipime ukijua hakuna kurudi nyuma.

## Nikirudisha mara nyingi nitafungiwa?

Hakuna idadi iliyotangazwa. Wanachosema Steam ni kwamba utaratibu umewekwa ili mtu asinunue kwa hofu, na haukuwekwa ili watu wacheze bure, na wakiona mtu anautumia vibaya wanaweza kuacha kumrudishia. Gemu fupi ya saa moja na nusu ukiimaliza kisha ukaomba pesa, umemnyang'anya mtu kazi yake, na mara nyingi waliotengeneza gemu fupi kama hizo ni mtu mmoja au wawili. Usifanye hivyo.

Jambo moja wamelitaja wazi kuwa si kosa: umenunua kwa bei kamili, kesho yake punguzo likatangazwa, ukarudisha na kununua tena kwa bei ya punguzo. Hilo ruksa, ukiwa ndani ya siku 14 na saa 2.

Kuna kosa moja linalofuta haki yako: ukifungiwa na VAC, mfumo wa Steam wa kukamata wadanganyifu, kwa udanganyifu kwenye gemu fulani, gemu hiyo hairudishwi tena.

## Demo zinapatikana wapi, na mbona nyingine zinatoweka?

Kwenye ukurasa wa gemu tafuta kitufe cha kupakua demo, ama pembeni au juu ya sehemu ya bei. Tangu Julai 2024 demo inaweza kuwa na ukurasa wake na maoni yake, kwa hiyo unaweza kusoma watu wanasemaje kuhusu demo yenyewe kabla ya kutumia bando. Pia unaweza kuiweka kwenye Library bila kuipakua saa hiyohiyo, ukaishusha usiku bando likiwa nafuu.

Msimu mkubwa ni Steam Next Fest, wiki moja, mara tatu kwa mwaka: Februari, Juni na Oktoba. Hapo mamia ya demo za gemu ambazo bado hazijatoka zinafunguliwa kwa pamoja. Nyingine huondolewa wiki ikiisha, kwani waliotengeneza wanataka kurudi kurekebisha. Ukiiona unayoitaka, icheze wiki hiyohiyo.

## Na kwenye PlayStation, Nintendo na kwingine?

PlayStation ni kali. Una siku 14, lakini ukishaanza tu kupakua gemu, haki imekwisha, labda gemu iwe mbovu. Kujaribu kwa kununua hakupo. Wanachama wa PlayStation Plus Premium wana majaribio ya muda ya baadhi ya gemu, mara nyingi saa 2, na ulichohifadhi kinaendelea ukinunua.

Nintendo inahesabu mauzo ya dukani kwake kuwa ya mwisho, lakini demo ni nyingi na nyingine ni za ukarimu mkubwa. Octopath Traveler ilitoa saa 3 za mwanzo mwaka 2018, na Dragon Quest XI S ilitoa takriban saa 10, zote mbili zikiruhusu kuendelea kwenye gemu kamili kutoka ulipoishia.

Epic Games Store inafuata siku 14 na saa 2 kama Steam. GOG inatoa siku 30, hata kama umeshapakua na kucheza, na wanaomba watu wasiitumie vibaya imani hiyo. Kwa mwenye bando la usiku GOG ndiyo yenye nafasi ya kutosha zaidi: kwa GB 5 kila usiku unaweza kupakua gemu ya GB 100 kwa siku 20 na bado ukabakiwa na siku 10 za kuijaribu.